Soma Kibali Kabla ya Kulipia Mbuzi

Februari 2009, mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, walishushwa katika kijiji cha Likuna wilayani Newala, mkoani Mtwara. Walikuwa wamesafiri kilometa zipatazo 700. Pamoja nao ilishuka sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi ambayo yalikuwa hayajawahi kuingia upande huo wa kusini. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walipofuatilia chanzo cha vifo vya mbuzi katika wilaya za Newala na Tandahimba, njia iliwarudisha Likuna, na kutoka Likuna ikawarudisha Pugu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012.

Watafiti hao walieleza pia maradhi yalivyosambaa baada ya hapo. Mbuzi wa kaya mbalimbali walikuwa wakichungwa pamoja, hivyo mgonjwa mmoja alitosha kuambukiza zizi la jirani. Jambo la pili lilikuwa bei. Mbuzi walioanza kuumwa waliuzwa rahisi, na watu wa vijiji vingine wakawanunua ili wakawachinje kwao. Kila aliyenunua mbuzi wa bei ya chini alimwona amepata nafuu, kumbe alikuwa anaubeba ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe hadi kijijini kwake.

Nchini Tanzania sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa mwaka 2008, wilayani Ngorongoro, kaskazini kabisa. Ndani ya muda mfupi ikawa imefika Newala, karibu na Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Hakuna upepo unaoweza kukirusha kirusi hiki umbali huo, na hakuna mbuzi anayetembea umbali huo kwa miguu yake katika majira mamoja. Kilichokivusha nchi nzima ni biashara: mtu mmoja anauza, mwingine ananunua, wa tatu anaendesha lori. Ndiyo maana hati za afya na vibali vya kusafirisha mifugo vinamhusu mnunuzi kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye wa mwisho mwenye uwezo wa kusema hapana kabla fedha haijatoka mfukoni na mbuzi hawajapakiwa.

Hati mbili, maswali mawili

Watu wengi sokoni huzungumzia "karatasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja linajibu swali lake.

Cheti cha afya kinajibu swali la mnyama: je, mtaalamu amemkagua, amemkuta hana dalili za maradhi, na amepata chanjo gani? Kibali cha kusafirisha kinajibu swali la safari: je, mamlaka ya mifugo ya wilaya anakotoka imeridhia mifugo hii, kwa idadi hii, itoke hapa iende pale, kwa njia hii, kwa siku hizi na kwa kazi hii? Kwa safari za ndani ya nchi unaweza kukuta maelezo yote mawili yameandikwa kwenye waraka mmoja. Hilo halina tatizo, mradi majibu yote mawili yamo.

Msingi wa kisheria nchini Tanzania ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Namba 17 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake za kudhibiti usafirishaji wa mifugo. Ipo pia Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Namba 12 ya mwaka 2010, inayohusu alama na hereni ambazo humwezesha mtu kujua mnyama ni wa nani na ametoka wapi. Hati hizi hutolewa na wataalamu wa serikali wenye mamlaka hayo, chini ya daktari wa mifugo wa wilaya. Dalali hana mamlaka hayo, wala mwenye lori, wala mtendaji wa kijiji. Barua ya mtendaji wa kijiji ina kazi yake muhimu, nayo ni kuthibitisha kwamba muuzaji ni mkazi wa pale na mifugo ni yake. Inakulinda dhidi ya kununua mbuzi wa wizi. Lakini haisemi lolote kuhusu afya, na wanunuzi wengi hukosea hapo: wakiona barua yenye mhuri wa kijiji wanaamini kazi imekwisha.

Mfano: mbuzi ishirini kutoka Kongwa kwenda Masasi

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tumchukulie mnunuzi wa mfano. Anaishi Masasi, mkoani Mtwara, na anataka mbuzi ishirini wa kufuga, majike kumi na wanane na madume mawili. Amesikia kwamba kuna mfugaji wa Kongwa, mkoani Dodoma, anauza.

Hatua yake ya kwanza haipo Kongwa. Ipo Masasi, kwenye ofisi ya mifugo ya wilaya yake mwenyewe. Anauliza mambo mawili: je, kuna zuio lolote la kuingiza mbuzi wilayani kwa sasa, na je, ofisi ingependa mbuzi hao wawe wamechanjwa dhidi ya maradhi gani kabla ya kuja? Nchini Kenya hatua hii ni ya kawaida hata kwenye makaratasi, kwani daktari wa mifugo wa eneo la kupokea huandika kwamba hana pingamizi, ndipo wa eneo la kutolea anatoa kibali. Hata pale usipodaiwa barua ya namna hiyo, kuuliza ni hekima. Ukishalipa mbuzi ndipo ukaambiwa wilaya yako imefungwa, utabaki na mbuzi ishirini wanaokula kwa gharama yako katika wilaya ya watu.

Kisha anapiga simu ofisi ya mifugo ya Kongwa na kuuliza swali moja: je, kata anakotoka muuzaji ina karantini au ugonjwa wowote ulioripotiwa kwa mbuzi? Namba ya simu aitafute yeye mwenyewe kupitia ofisi ya halmashauri. Asitumie namba aliyopewa na muuzaji au dalali, kwa kuwa anayeweza kughushi mhuri hashindwi kumpa mtu namba ya rafiki yake.

Baada ya hapo anakwenda kuwaona mbuzi nyumbani kwa muuzaji, wakiwa bado kwenye zizi lao. Hili lina maana kubwa kiafya. Ukimkuta mbuzi kwao unaona pia wenzake. Unaona kama kuna wanaokohoa, kama mikia ya wengine imechafuka kwa kuhara, kama kuna majike yaliyotoa mimba hivi karibuni. Mbuzi uliyechaguliwa anaweza kuonekana mzima kabisa, ilhali kundi lake linasema vingine.

Mnadani huoni hayo. Pale mbuzi wa kila upande wamesimama pamoja tangu asubuhi, wamenusana, wamekunywa kwenye ndoo moja. Mbuzi aliyetoka kijijini kwao mzima na akiwa na cheti halali anaweza kuambukizwa saa tatu asubuhi na kuuzwa saa sita mchana. Cheti chake hakijadanganya. Kilisema kweli kuhusu asubuhi ya jana, na jana imeshapita. Kwa mtu anayetaka nyama, hilo si tatizo kubwa, kwa sababu mbuzi anakwenda machinjioni na safari yake inaishia pale. Kwa anayetaka mbegu ya kufuga, kununua zizini ni salama kuliko kununua mnadani, hata kama bei imezidi kidogo.

Kusoma kibali mstari kwa mstari

Tuseme sasa mbuzi wamekaguliwa na kibali kimeandikwa. Mnunuzi wetu anakishika mkononi kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha. Asikitazame mhuri tu. Akisome huku mbuzi wakiwa mbele yake, kwa kuwa karatasi peke yake haina maana mpaka ilingane na wanyama.

Aanze na idadi. Kibali kinasema majike kumi na wanane na madume mawili, basi ahesabu, jike kwa dume. Idadi ndiyo inayochezewa kuliko kitu kingine, na mara nyingi bila nia mbaya: muuzaji anaongeza mbuzi mmoja kama zawadi, au mmoja aliyechechemea anabadilishwa dakika za mwisho. Lakini mbuzi aliyeongezwa hakukaguliwa. Yeye ndiye mwanya, na ukaguzi wa wale ishirini hauwezi kumfunika. Kama kuna mabadiliko, warudi kwa mtaalamu aandike upya. Tarakimu iliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine juu yake ni sababu tosha ya kukikataa kibali.

Kisha aangalie alama. Kama mbuzi wana hereni, namba za hereni zilinganishwe na zilizoandikwa. Kama wana chapa au alama ya sikio, ielezwe. Hapa meno nayo husaidia. Cheti kikisema mbuzi ana umri wa miaka miwili, amfungue mdomo. Mbuzi huanza na meno madogo ya utotoni mbele ya taya la chini. Akifikisha takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa. Karibu na miaka miwili huwa na makubwa manne, miaka mitatu sita, na miaka minne manane. Mbuzi wa "miaka miwili" mwenye meno makubwa manane si yule aliyeandikwa kwenye cheti. Huenda amebadilishwa, au huenda aliyeandika hakumwona kabisa.

Na hilo la pili ndilo baya zaidi. Cheti halisi, chenye mhuri halisi, kilichosainiwa na mtu halali ambaye hakutoka ofisini, ni hatari kuliko cheti cha kughushi, kwa sababu kitapita kila kizuizi barabarani. Dawa yake ni moja: mnunuzi awepo wakati wa ukaguzi, au amtume mtu anayemwamini. Ukaguzi wa kweli unaonekana kwa macho. Mtaalamu anawatazama mbuzi wakitembea kwanza, kisha anamshika mmoja mmoja. Anaangalia macho, pua, ndani ya midomo na ufizi, chini ya mkia, na anapima joto la wale anaowatilia shaka. Mbuzi mzima ana joto la kati ya nyuzi 38.5 na 40 hivi. Aliyeanza sotoka huruka hadi 41 au zaidi, akiwa bado anakula.

Mstari wa tatu ni mahali anakotoka na anakokwenda. Mahali pa kutoka pawe kijiji na kata, si jina la mnada pekee, maana mnada ni mahali pa kupita. Ukiona kibali kimetolewa na wilaya ambayo mbuzi hawakuwahi kuishi, uliza walifikaje huko na kwa kibali gani. Kibali cha kwanza kinapaswa kuwepo. Mahali pa kwenda nako pawe ni pale mbuzi watakaposhushwa kweli. Kibali cha kwenda Masasi hakimruhusu mtu kushusha mbuzi watano njiani Kilwa kwa sababu amepata mteja.

Mstari wa nne ndio ambao watu hawausomi kabisa: madhumuni. Kuchinja, kuuza, au kufuga. Mifugo inayosafirishwa kwenda kuchinjwa huangaliwa kwa makusudi hayo, na safari yake inategemewa kuishia machinjioni. Mtu akimtoa mbuzi katika njia hiyo na kumpeleka zizini, amemwingiza kwenye kundi mnyama ambaye hakuandaliwa kuingia humo. Mnada kama Pugu unalisha jiji kwa nyama. Wanyama wanaofika pale wametoka mikoa mingi na wamechanganyika njia nzima. Kisa cha Likuna kinaonyesha hasara inayotokea mbuzi wa mnada wa namna hiyo wanapoishia kijijini, katikati ya mbuzi wengine. Kwa hiyo mnunuzi wetu, anayetaka kufuga, akatae kibali kilichoandikwa "kuchinja," hata akiambiwa kwamba hicho hupatikana haraka.

Mwisho ni tarehe, njia, namba ya gari na jina la aliyetoa. Kibali kina siku zake za kutumika, nazo huandikwa. Zikipita kabla gari halijaondoka, kiombwe kingine, kwa sababu kibali kilichobaki wazi kinaweza kutumiwa kwa safari ya pili na mbuzi wengine kabisa. Namba ya gari ilingane na lori lililopo uani. Jina na cheo cha mtoaji viandikwe vikasomeka. Madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003, hivyo si watu wasiojulikana. Na malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, yakatolewa stakabadhi. Akidaiwa fedha mkononi, "ya kibali," bila namba wala stakabadhi, asimamishe kila kitu apige simu ofisi ya wilaya.

Mambo ambayo cheti hakiwezi kukuambia

Hata baada ya kusoma haya yote na kukuta yako sawa, kuna jambo moja ambalo hakuna mtaalamu anayeweza kuliandika kwenye karatasi. Hawezi kuona ugonjwa ambao haujajitokeza.

Mbuzi akishaambukizwa sotoka, kwa kawaida dalili huanza kuonekana baada ya siku nne hadi sita, ingawa zinaweza kuchelewa. Katika siku hizo anakula, anacheua, anaruka kama wenzake. Tena anaweza kuanza kutoa kirusi siku moja au mbili kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Akikaguliwa Jumatatu akiwa katika kipindi hicho, daktari mwaminifu kabisa atamwandika mzima. Alhamisi anaamka na homa kali, machozi na makamasi mepesi ambayo baadaye huwa mazito na kuganda kama gundi. Halafu vidonda vinaota mdomoni, pumzi inanuka, kuhara kunaanza, na kifua kinabana. Katika kundi ambalo halijawahi kupata chanjo wala ugonjwa, vifo vinaweza kufika tisa kati ya kila kumi. Hakuna dawa inayoua kirusi chenyewe. Antibayotiki husaidia tu kuzuia maradhi mengine yanayonyemelea mapafu yaliyodhoofika. Binadamu haambukizwi, na faraja hiyo kwa mwenye zizi ni ndogo.

Kwa sababu hiyo chanjo ina uzito kuliko ukaguzi wa macho. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ni nzuri sana: sindano moja hukinga kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini ina masharti ambayo mnunuzi anapaswa kuyatafuta kwenye cheti. La kwanza ni tarehe. Mwili wa mbuzi unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Mbuzi waliochanjwa jana ili kibali kipatikane leo wanasafiri bila kinga, na kama waliambukizwa kabla ya sindano, sindano haitawaokoa. La pili ni umri. Mwanambuzi mdogo bado ana kinga aliyonyonya kwa mama yake, na kinga hiyo huizuia chanjo kufanya kazi, ndiyo maana huchanjwa akifikisha miezi mitatu au minne. La tatu ni namba ya toleo la chanjo, inayosomeka kwenye chupa. Cheti kinachosema tu "wamechanjwa," bila tarehe, bila aina ya chanjo wala namba ya toleo, hakimsaidii mtu, wala hakuna njia ya kukifuatilia.

Je, damu haiwezi kupimwa? Inaweza, ila kipimo cha kawaida hutafuta askari wa mwili waliojengwa dhidi ya kirusi, na mbuzi aliyechanjwa anao sawasawa na mbuzi aliyeugua akapona. Kipimo hicho hakiwatenganishi. Mbuzi aliyeambukizwa siku mbili zilizopita naye bado hajawajenga, kwa hiyo ataonekana hana kitu. Ndiyo maana kumbukumbu ya chanjo iliyoandikwa vizuri, kutoka zizi lenye historia inayojulikana, ina thamani ambayo maabara haiwezi kuinunua.

Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo kwa mbuzi na kondoo inalenga sotoka. Kwa mnunuzi faida yake ni ya moja kwa moja. Anaweza kumuuliza muuzaji: mbuzi hawa walichanjwa lini katika kampeni, na hereni zao ziko wapi? Muuzaji mwenye majibu hayo huyatoa bila kusita.

Barabarani

Turudi kwa mnunuzi wetu wa mfano. Mbuzi wake walichanjwa zaidi ya wiki mbili kabla, kibali kimesomwa, amelipa. Lori linaondoka. Hatari inayobaki njiani ni ile ya kuchanganya.

Dereva anaporudi na nafasi kwenye lori, kishawishi cha kuokota mizigo ni kikubwa. Mtu anamsimamisha mahali fulani akiwa na mbuzi watatu, anampa nauli, wanapandishwa. Kuanzia dakika hiyo mbuzi ishirini waliokaguliwa wamelala pua kwa pua na watatu wasiojulikana, kwa saa nyingi, ndani ya boma la mbao lisilo na nafasi ya kukimbilia. Kwa kirusi kinachohama kwa pumzi na makamasi, hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Wakifika kwenye kituo cha ukaguzi, mkaguzi akihesabu atawakuta ishirini na watatu huku kibali kikisema ishirini, naye ana mamlaka ya kuzuia gari zima. Hasara itakuwa ya mnunuzi, ilhali nauli iliingia mfuko wa mwingine. Mapatano na dereva yawekwe wazi kabla ya safari, yaandikwe, na ikiwezekana mtu wa mnunuzi apande humo humo.

Lori nalo lioshwe kabla ya kupakia. Samadi ya safari iliyopita iondolewe, sakafu isuguliwe kwa maji na sabuni, ikauke juani. Kirusi cha sotoka si kigumu. Jua na ukavu hukimaliza haraka. Kinachokihifadhi ni uchafu mbichi kwenye kivuli. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inadai mifugo isafirishwe bila mateso, na hilo nalo lina uhusiano na ugonjwa: mbuzi aliyebanwa, aliyekosa maji na hewa, kinga yake hushuka, na maradhi yaliyojificha hupata mwanya.

Siku 21

Mbuzi wamefika Masasi. Kazi ya kwanza ni kupeleka kibali kwa afisa mifugo wa kata, ili ajue kwamba kuna wanyama wageni, wametoka wapi, na yuko tayari kuja kuwaangalia. Kazi ya pili ni kuwatenga kwa siku 21. Idadi hiyo haikuokotwa tu: Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeweka siku 21 kuwa kipindi cha sotoka hii kujitokeza, yaani hata ile inayochelewa sana itakuwa imeonekana ndani ya muda huo. Utengo ndio unaojaza pengo lililoachwa na cheti. Kile ambacho daktari wa Kongwa hakuweza kukiona siku ya ukaguzi, mwenye zizi atakiona mwenyewe kwa kungoja.

Utengo haudai majengo ya gharama. Zizi la muda la miti mbali na mbuzi wenyeji, upande ambao hewa na maji ya mvua havitiririki kuelekea kwao, linatosha. Wawe na ndoo zao na malisho yao. Anayewahudumia aanze kwa wenyeji, amalizie kwa wageni, kisha anawe na kubadili viatu. Asifanye kinyume chake. Na kila asubuhi awatazame kabla hawajainuka wote, kwa sababu mgonjwa hubaki amelala wenzake wakishasimama.

Akiona homa, makamasi au vidonda mdomoni, asimuuze. Hapo ndipo mnyororo wa Newala na Tandahimba ulipoendelea: mgonjwa kuuzwa rahisi, akapelekwa kijiji kingine. Nayaandika haya nikijua mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye mbuzi ishirini anavyoumia kumwona mmoja anaanguka. Kumuuza kungemrudishia sehemu ya fedha. Lakini kungewaachia majirani zake ugonjwa ambao wengi wao hawana hata akiba ya kununulia mbuzi mwingine. Ampigie afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Na hapo karatasi zile zinafanya kazi yake ya mwisho. Kibali chenye jina la muuzaji, kijiji chake, namba za hereni na namba ya toleo la chanjo kinamwezesha daktari wa Masasi kupiga simu Kongwa na kusema: ugonjwa umejitokeza kwa mbuzi waliotoka zizi fulani, kijiji fulani, tarehe fulani. Wataalamu wa Kongwa wanakwenda kwenye zizi hilo, wanawachanja mbuzi wa jirani, wanazuia mauzo mengine kabla hayajatoka. Bila karatasi, anayeulizwa anaweza kusema tu kwamba alinunua kwa mtu mmoja mnadani, mrefu hivi, hakumbuki jina, na ugonjwa unaendelea kusafiri. Kwa hiyo kibali kisitupwe lori likishashusha. Kihifadhiwe pamoja na stakabadhi kwa muda wote ambao mbuzi hao wapo zizini, na kila mbuzi atakayeuzwa kutoka humo baadaye aondoke na nakala ya historia yake ya chanjo, kwa kuwa siku hiyo mnunuzi wa leo atakuwa ndiye muuzaji, na mtu mwingine atakuwa amesimama mbele ya zizi lake akihesabu.